Pini ya Senge Nasimiyu

Saa tano kasoro ishirini asubuhi, Jumamosi moja ya Agosti mwaka wa tisini na tatu, Cherop alipuliza maiki pale Misikhu na maiki haikumjibu.

Akapuliza tena. Akaigonga kichwani kwa kidole. Akasema, "Hallo, hallo, moja, mbili," na sauti yake ikafika safu ya tatu ya viti, ikachoka, ikakaa chini na wageni. Zile honi mbili za kutolea sauti alizozifunga juu ya nguzo tangu saa mbili zilikuwa zimenyamaza kama watoto walioulizwa nani amekula nyama.

Na asubuhi zilikuwa zinalia! Saa tatu kamili alikuwa ameongea mwenyewe kwa hiyo maiki, akahesabu mpaka kumi, na ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Halafu akaitwa chai. Sasa, kwa harusi ya upande wa Bungoma, ukiitwa chai huwezi kusema unachunga waya. Alikunywa vikombe vitatu na mandazi, akaongezwa viazi vitamu, na alipotoka jikoni hema lote lilikuwa limevaa karatasi za waridi na nyeupe kama keki. Akasema moyoni, lo, hawa wamama wamefanya kazi. Hakupima maiki tena. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijua sasa hivi, saa tano kasoro kumi na tisa.

"Kuna shida?" Bwana harusi alikuwa amesimama nyuma yake. Huyu Mukhisa alikuwa kijana mrefu, na suti yake ilikuwa imeshonewa mtu mfupi kidogo.

"Hakuna shida," Cherop akasema, vile mafundi wote husema.

"Usinidanganye, dada. Nimekuona ukipuliza hiyo kitu kama mtu anawasha jiko la makaa."

Cherop alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa amemaliza kozi ya umeme na redio mwaka uliopita, na mwajiri wake, mzee Gikonyo wa Kitale, alikuwa na seti mbili za vyombo vya kukodisha. Siku hiyo Gikonyo mwenyewe alikuwa Bungoma mjini na seti kubwa, pamoja na kebo zote za akiba, kwa harusi ya mkubwa fulani. Seti ndogo alimpa Cherop, mara ya kwanza peke yake, akamwambia, "Wewe nenda tu. Misikhu ni harusi ya maiki moja. Itaharibika nini?"

"Sikiza," Mukhisa akasema, akiinama karibu. "Mimi si mtu wa kelele. Hata bila honi mimi ningeoa. Lakini unajua hizi honi ni za nani."

Cherop alijua. Kila mtu Misikhu alijua. Ng'ambo ya uwanja wa mpira, kwenye nyumba ya mabati yenye dirisha la bluu, alikuwa amelala Kukhu Nakhungu, nyanya yake Mukhisa. Mwezi wa sita alikimbiza ndama, ndama akashinda, na mfupa wa nyonga ukavunjika. Watu walijitolea kumbeba mpaka harusini juu ya godoro. Akakataa. Alisema hatabebwa kama gunia la mahindi mbele ya wakwe. Lakini huyo Mukhisa, ni yeye aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kama anamwachia mtu mwingine sasa, basi lazima asikie kwa masikio yake mwenyewe wakikubaliana. Haji mtu kumhadithia jioni. Ndiyo maana honi moja iliangalia wageni, na ya pili iliangalia dirisha la bluu.

"Amefunguliwa dirisha tangu asubuhi," Mukhisa akasema. "Amevalishwa kitambaa kipya. Dada, nikiapa leo na yeye hasikii, hiyo harusi kwake haijafanyika. Atauliza mpaka siku ya kufa: mlioana lini?"

"Tuna dakika ngapi?"

"Bibi harusi na watu wake wako hapo kwa kona, wanangojea saa tano. Na Pasta hangojei mtu. Saa saba ana harusi ingine Webuye."

Pasta mwenyewe alikuwa tayari madhabahuni, mtu mnene mwenye saa kubwa, akiiangalia hiyo saa kama ina deni lake. Kanisa lilikuwa bado halijaezekwa, kwa hivyo ibada ilikuwa nje, chini ya hema. Umeme wa karibu ulikuwa kwenye veranda ya nyumba ya Pasta, na huko ndiko ilikaa amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti. Kutoka veranda mpaka madhabahu ilikuwa ni kebo moja ya mita hamsini.

"Pasta," Mukhisa akajaribu, "si tuapie pale veranda tu, karibu na chombo?"

"Ndoa inafungwa madhabahuni," Pasta akasema bila kuinua macho. "Sio kwa mlango wa jikoni yangu. Endelea kuomba, fundi anatengeneza."

Cherop akachomoa maiki na mkia wake, ule waya mfupi wenye jeki, plagi ya chuma, mwishoni, akakimbia nao mpaka veranda. Viatu alivua njiani.

Mwalimu wake wa redio alikuwa na neno moja: usikimbilie kufungua, uliza kwanza. Kwa hivyo akaanza kuuliza. Taa nyekundu ya amplifaya inawaka? Inawaka. Akachomoa jeki ya kebo ndefu, akagusisha kidole chake kwenye tundu la kuingizia maiki kwa ncha ya bisibisi. Honi zote mbili zikanguruma, *mmmm*, mama mmoja akasema "Mungu wangu!" na kikombe kikaanguka mahali fulani. Vizuri. Amplifaya nzima, honi nzima. Akachomeka mkia wa maiki moja kwa moja, bila kebo ndefu, akasema kidogo, "Moja." "MOJA!" honi zikasema. Vizuri sana. Maiki pia haina neno. Akapunguza sauti, akarudisha kebo ndefu mahali pake bila maiki upande wa pili, akapandisha sauti pole pole.

Kimya.

Na hapo ndipo Cherop akatabasamu kidogo, maana kimya nacho kina maana yake. Ndani ya ile kebo kuna waya mmoja katikati, umevaa plastiki, halafu nyuzi nyembamba za shaba zimesukwa kuuzunguka kama wavu, halafu ganda jeusi juu. Kama waya wa katikati au wavu ungekuwa umekatika, kebo ingebaki kuokota takataka zote za umeme hewani na honi zingelia kama ng'ombe mwenye kiu. Kebo iliyokatika inapiga kelele. Iliyonyamaza kabisa, bila hata mvumo mdogo, imeshikana: waya wa katikati na wavu vimegusana mahali fulani, na sauti ikifika hapo inapita njia ya mkato na kurudi nyumbani kabla ya kufika kwa amplifaya.

Kwa hivyo, ni wapi kwa hizi mita hamsini?

Asubuhi alikuwa ameilaza chini, kando kando ya hema. Akaangalia chini. Hakuna kebo. Akafuata kwa macho kutoka miguuni pake. Kebo ilipanda nguzo ya kwanza ya hema, ikapita juu, ikashuka kidogo, ikapanda nguzo ya pili, ikaendelea hivyo, nguzo kwa nguzo, mpaka mbele. Na yote, kuanzia veranda mpaka madhabahu, ilikuwa imevalishwa karatasi za waridi na nyeupe, zimekunjwa kama maua, zikapangwa kwa mstari ulionyooka, mzuri kabisa. Kila ua lilikuwa limeshikwa na pini.

Cherop akageukia wamama wa mapambo.

"Nani amepamba hii kitu?"

"Ni mimi, mama!" Mwanamke mfupi, mpana, mwenye gauni la kijani na kofia kubwa, akatokea akijipangusa mikono. Huyu alikuwa Senge Nasimiyu, dada ya baba yake Mukhisa, mkubwa wa mapambo. "Umependa?"

"Senge, hii si kamba. Ni waya ya maiki."

"Ati?"

"Waya ya maiki. Nilikuwa nimeiweka chini."

"Ndiyo, niliona mtu mjinga ameacha kamba chini, hapa hapa kwa njia ya bibi harusi. Sasa mimi, kwangu, bibi harusi haruki kamba. Tangu harusi yangu sijaruhusu. Nikasema inueni hiyo kitu juu, harafu kwa vile iko juu, si tuipambe?" Uso wake ukaanza kuelewa polepole, kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria. "Mtu mjinga ni wewe?"

"Ni mimi."

"Pole, mama."

"Senge, uliweka pini ngapi?"

"Themanini," Senge akasema kwa fahari. "Pakiti nzima. Rakini hizo pini ni ndogo sana, haziwezi kuumiza kitu."

Ndogo, ndiyo. Lakini pini ya chuma iliyochomekwa katikati ya kebo inapita ganda, inapita wavu, inapita plastiki, inagusa waya wa katikati. Chuma kimoja, vitu viwili vimeshikana. Labda sabini na tisa zilikuwa zimechomeka kwenye ganda tu pembeni, hazina ubaya. Moja ndiyo iliyokwenda sawa sawa.

"Nitazitoa zote," Cherop akasema, akinyoosha mkono kwa ua la karibu.

Mkono wa Senge ukamshika kiwiko. "Wewe! Tumekaa hapa tangu saa kumi na moja ya alfajiri, wamama tisa, tukikunja. Ukitoa maua yangu mbele ya wakwe kutoka Kitale, si afadhali unitoe nguo?"

"Na Kukhu asisikie?"

Senge akaachilia kiwiko. Hilo lilimgusa. Aliangalia ng'ambo ya uwanja, pale dirisha la bluu, kisha akaangalia maua yake themanini, na Cherop aliona mwanamke akipasuka katikati.

"Hakuna njia ya kujua ni gani?"

Saa tano kasoro kumi na mbili.

"Iko," Cherop akasema. "Nisaidie."

Akatoa mita ya kupimia umeme kwenye begi, ile ya mshale, ya Gikonyo, yenye kioo kilichofungwa kwa tepu. Akaiweka kwenye kipimo kidogo kabisa cha omu, cha kupimia ukinzani wa waya. Kwanza akagusanisha ncha zake mbili, moja nyekundu moja nyeusi, akazungusha kile kigurudumu kidogo mpaka mshale ukalala sawa sawa juu ya sifuri, kule kulia. Akachomoa jeki ya kebo kwenye amplifaya, maana huwezi kupima kebo ikiwa bado imeshikilia chombo. Akaweka ncha moja kwenye kichwa cha jeki, ingine kwenye shina lake.

Mshale ukaenda, ukakaa kwenye nne.

"Nne nini?" Senge akauliza, akichungulia na kofia yake yote.

"Shaba nayo inachosha umeme, Senge. Kidogo kidogo. Kila mita inaongeza uzito. Kutoka hapa mpaka kwa ile pini na kurudi, uzito ni nne. Sasa twende mbele tupime kutoka upande ule."

Wakakimbia, Cherop bila viatu na maiki kwapani, Senge akishika kofia. Pale madhabahuni, mwisho wa kebo ulikuwa na soketi ya kupokea mkia wa maiki. Cherop akafungua kifuniko chake kwa vidole, akagusisha ncha za mita mle ndani, moja kwa waya wa katikati, moja kwa wavu.

Mshale ukakaa kwenye moja.

"Moja," Senge akasema, ameanza kupenda.

"Huko nne, huku moja. Jumla tano. Mita hamsini ukigawanya kwa tano?"

"Kumi!" Sauti ya Pasta. Alikuwa amesogea bila mtu kujua. "Pini iko mita kumi kutoka hapa, na arobaini kutoka kwangu nyumbani. Nilifundisha hesabu kabla ya kuitwa." Akaangalia saa yake. "Dakika nane."

Sasa kulikuwa na jambo moja. Mita kumi za kebo si mita kumi za ardhi. Kebo ilikuwa imepanda, imeshuka, imezunguka nguzo mara mbili pale kwa kwanza. Ukihesabu hatua utapotea. Cherop akaanza kuipima mwilini mwake: akanyoosha mikono yote miwili kwenye kebo, kifua mbele, pima moja. Alijua pima yake ni mita moja na nusu na kidogo. Gikonyo alikuwa amempima kwa futi siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu hii hii. Pima moja chini kwenye majani. Pima ya pili ikapanda nguzo. Akaomba kiti, akapanda. Ya tatu. Akasogeza kiti, wageni wa safu ya mbele wakainua miguu. Ya nne. Mzee mmoja wa ukoo wa Jerono, bibi harusi, akauliza jirani yake kwa sauti, "Huyu msichana anapima hema? Wanaliuza?"

Ya tano. Ya sita, na mkono mmoja zaidi.

Hapo. Juu ya kichwa cha mama mwenye mtoto anayenyonya, katikati ya nguzo mbili, penye karatasi nyingi kuliko pengine.

Mita ya mshale haisemi uongo lakini haioni vizuri. Mshale ukiwa umekosea unene wa unywele, wewe unakosea mita nzima huku au kule. Cherop akahesabu maua yaliyokuwa ndani ya hiyo mita huku na mita kule. Yalikuwa saba. Pini saba. Themanini zimekuwa saba, na maua sabini na tatu ya Senge yamepona.

"Senge!" akaita kutoka juu ya kiti. "Kaa hapo na mita. Weka hizo ncha pale pale, moja kwa waya, moja kwa wavu, kama nilivyofanya. Umeweka?"

"Nimeweka! Iko kwa moja!"

"Mimi nitatoa pini moja moja. Ukiona mshale umelala upande wa kushoto kabisa, nipigie kelele!"

"Kelele ya nini?"

"Kelele yoyote, Senge! Nisikie!"

Akatoa pini ya kwanza, akaishika kwa meno. "Bado!" Senge akasema. Ya pili. "Bado!" Ya tatu ilikuwa imepinda, ikamchoma kidole. "Bado, mama, mshale umekaa tu kama mzee!" Ya nne. Mama mwenye mtoto akamshikia kiti kisitikisike. Ya tano ilikuwa imezama mpaka kichwa, imekwenda wima katikati ya kebo. Cherop aliivuta na ikatoka kwa shida, kama jino.

Na Senge Nasimiyu akapiga kelele.

Lakini Senge alikuwa mwanamke wa Misikhu, siku ya harusi, amesimama madhabahuni, ameambiwa apige kelele yoyote. Ilitoka ile anayoijua. Kigelegele. Kirefu, cha juu, kilichoanza mbele na kupita hema lote na kutoka nje barabarani.

Basi harusi ya kwetu ina kanuni moja tu isiyoandikwa: kigelegele kikipigwa, bibi harusi amefika.

Wageni mia tatu wakasimama mara moja. Wamama wengine wakaitikia, vigelegele vikajaa juu kama kuku wameona mwewe. Kwaya, ambayo ilikuwa bado inakula mandazi nyuma, ikaanza kuimba na midomo imejaa. Kule kwa kona dereva wa bibi harusi akasikia, akasema, "Ni sisi hao!" na gari likaanza kuingia, honi ikipigwa. Mukhisa akatafuta mahali pa kusimama, akasimama mahali pa mpambe wake.

"Ni mshale!" Senge alikuwa akilia, mita mkononi. "Mimi nasema mshale! Umelala kushoto!" Hakuna aliyemsikia.

Cherop alikuwa bado juu ya kiti na pini tano mdomoni.

Akazitema mkononi. Akazungusha tepu nyeusi mara tatu kwenye kile kitundu, isije ikaingia unyevu au kidole cha mtu. Halafu akashuka na kukimbia mbele, akapita chini ya mikono ya watu wanaopiga makofi, akafunga kifuniko cha soketi, akachomeka mkia wa maiki mpaka ukalia *tak*, akahakikisha swichi ya maiki iko juu. Kisha veranda. Njia ya katikati ilikuwa imejaa bibi harusi. Jerono alikuwa anaingia polepole, hatua moja, kusimama, hatua moja, kusimama, na baba yake mkononi, na Cherop akazunguka nje ya hema, akaruka kamba saba za hema na kuku mmoja.

Kulikuwa na kitu alichokuwa anajua na hakumwambia mtu. Mshale kulala kushoto unasema tu kwamba waya na wavu havigusani tena. Hausemi kama waya wa katikati bado ni mzima. Pini inaweza kuingia katikati ya nyuzi na kutoka kwa heshima, au inaweza kuzikata ikitoka. Kujua ungehitaji kupima tena, na muda wa kupima tena ulikuwa umeingia hemani umevaa shela.

Kwenye veranda alifika akihema. Akashusha sauti ya amplifaya mpaka chini, maana ukichomeka jeki na sauti ikiwa juu, honi zinapiga mlipuko, na wazee wengine pale walikuwa na moyo wa kushughulikiwa taratibu. Akachomeka. Akapandisha kidogo. Akasikiliza.

Hakukuwa na kimya kile cha kaburi. Hakukuwa na ngurumo ya ng'ombe. Kulikuwa na mvumo mdogo, *sss*, kama mtu anapumua usingizini. Akapandisha tena.

"... NA TUKAE CHINI," Pasta akasema kutoka juu ya nguzo, kutoka angani, kutoka pande zote mbili. Maneno yakapita uwanja wa mpira na Cherop akayaona, kwa kweli aliyaona, yakigonga ukuta wa mabati ng'ambo na kurudi.

Akakaa kwenye ngazi ya veranda. Senge Nasimiyu akaja, kofia mkononi, jasho kwenye paji la uso, akakaa karibu naye na kumpa mita kwa mikono miwili, kama anarudisha mtoto.

"Mama, hiyo kitu ni tamu," akasema. "Inauzwa?"

"Si yangu, Senge. Ya Gikonyo."

"Mwambie Gikonyo mimi naweza kusoma mshale." Akafikiri. "Harafu nimeharibu mpango wa kuingia. Bibi harusi ameingia dakika tatu mbere."

"Pasta amefurahi lakini."

Walikuwa wamefika kwa viapo. Jerono aliapa kwanza, kwa sababu Pasta aliamini wanaume wakianza husahau. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na aliapa kama anayesoma imla: kila neno, kila nukta, mpaka Webuye wangeweza kuandika. Honi zikabeba yote. Cherop akaangalia dirisha la bluu. Lilikuwa wazi, na mkono mwembamba wenye kitambaa ulikuwa umetokea, umelala juu ya kizingiti.

Halafu Mukhisa. Mukhisa aliifikia maiki, akafungua mdomo, na hapo suti, Pasta, wageni mia tatu na macho ya Jerono vyote vikamwangukia kwa pamoja. Aliapa. Watu wa mbele waliona midomo ikitembea. Honi zilisema, "... mm... mpaka... mm... kifo..." na mwisho kabisa, "amina."

Cherop akaruka, akashika kile kigurudumu cha sauti, akakipandisha. Mvumo ukaongezeka, hakuna zaidi. Akaangalia taa: inawaka. Akapiga mahesabu kichwani, waya wa katikati, nyuzi zilizokatika, labda ni hiyo...

"Asante," Pasta akasema kwenye maiki ile ile, na honi zikapasua anga. "ASANTE!" Mbwa wakakimbia. Cherop akarudisha sauti chini haraka, akacheka peke yake mpaka akashika ukuta. Kebo haikuwa na neno.

Pasta alikuwa ameinua pete tayari aliposimama ghafla. Msichana mkubwa wa kumtunza Kukhu alikuwa anakuja mbio kuvuka uwanja wa mpira, gauni ameshika kwa mkono mmoja, na hakupungua mwendo mpaka alipofika madhabahuni. Akamnong'onezea Pasta. Pasta akanong'onezwa mara ya pili, kwa sababu hakuamini. Kisha akageukia maiki.

"Kuna ujumbe kutoka kwa Kukhu Nakhungu," akasema. "Anasema amesikia bibi harusi vizuri, neno kwa neno, Mungu ambariki. Bwana harusi hajamsikia. Anasema kama huyo kijana anataka kuoa, aseme kama mtu anayetaka kuoa." Akaangalia saa yake, akaangalia barabara ya Webuye, akahema. "Arudie."

Hema likaanguka kwa kicheko. Jerono alikuwa ameficha uso kwenye maua yake, mabega yanatikisika. Mukhisa akageuka akatafuta mtu, akamwona Cherop kule veranda, akanyoosha kidole kwenye maiki na kuinua nyusi: ni hii kitu?

Cherop akatikisa kichwa. Akajielekezea kidole kifuani mwake mwenyewe, kisha akamwelekezea yeye: si mimi, ni wewe.

"Sogea karibu na hiyo kitu, mtoto wa ndugu yangu!" Senge akapiga kelele kutoka ngazini. "Haiumi! Imetolewa pini!"

Mukhisa akasogea. Akashika maiki kwa mikono miwili. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuinua mfuko wa saruji, na safari hii hakumwangalia Pasta wala wageni. Aliangalia juu ya vichwa vyao vyote, ng'ambo ya uwanja wa mpira, akaapa.

Cherop hakugusa kigurudumu. Haikuhitajika.